Bei Inapovuka Mpaka Kisha Ikarudi: Mwongozo wa Kusubiri Uthibitisho Kabla ya Kuuamini Mvunjo

Tarehe 19 Mei 2021 bei ya Bitcoin iliporomoka hadi takriban dola 30,000 za Marekani, na kwa zaidi ya miezi miwili iliyofuata haikwenda popote. Ilipokaribia dola 41,000 au 42,000 ilikataliwa, na iliposhuka karibu na 30,000 ilipata wanunuzi. Hali hiyo, ambayo bei hupanda na kushuka kati ya dari na sakafu zilezile, ndiyo wafanyabiashara wa soko wanayoiita renji. Katika miezi hiyo bei ilitoka chini ya sakafu zaidi ya mara moja na ikagusa ncha ya dari, na kila mara waliokimbilia kuingia waliachwa upande usiofaa. Mvunjo wa kweli, yaani bei kuvuka mpaka wa renji na kuendelea mbele bila kurudi, ulipokuja mwanzoni mwa Agosti, wengi wao walikuwa wameshatolewa sokoni wakiwa na hasara.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu chati yake ipo wazi kwa yeyote. Fungua chati ya siku, yaani D1, ya BTCUSD, uirudishe nyuma hadi Mei 2021, kisha uifuate hatua kwa hatua pamoja na maelezo haya. Bei nitakazotaja ni za kukadiria, kwa kuwa masoko ya sarafu za kidijitali hutofautiana kidogo kutoka jukwaa moja hadi jingine, lakini umbo la mambo ni lilelile kila mahali.

Hatua ya kwanza: chora maeneo, usichore mistari

Mvunjo mwingi wa uongo huzaliwa kwenye chati ya mfanyabiashara mwenyewe kabla haujazaliwa sokoni. Mtu huchora mstari mwembamba kwenye 30,000 kwa sababu ni namba inayovutia macho, kisha bei inapofika 29,900 anasema sakafu imevunjika. Soko halina makubaliano juu ya namba moja. Kuna walioweka oda zao za kununua kwenye 30,500, wengine kwenye 30,000 kamili, na wengine wakasubiri 29,000. Sakafu, kwa hiyo, ni eneo lenye unene, na kazi yako ya kwanza ni kuupata unene huo kutokana na historia ya bei yenyewe.

Katika mfano wetu, sakafu ya kwanza iliwekwa tarehe 19 Mei karibu na 30,000. Tarehe 22 Juni bei ilishuka chini ya hapo hadi takriban 28,800, lakini kabla siku haijaisha ilikuwa imerudi juu, na mshumaa wa siku hiyo, yaani umbo la kwenye chati linaloonyesha bei ilipofunguliwa, ilikofika na ilipofungwa, ukafungwa karibu na 32,500. Mkia wake mrefu, ule mstari mwembamba wa chini unaoonyesha bei ilikofika kabla ya kurudi, ulituonyesha kwamba wanunuzi walikuwepo hadi chini ya 29,000. Kuanzia siku hiyo, eneo la sakafu lilipaswa kusomwa kama nafasi yote kati ya 28,800 na 30,000.

Kwa dari fanya vivyo hivyo. Tarehe 20 Mei, siku moja baada ya anguko, bei iliruka hadi takriban 42,500 na kukataliwa. Katikati ya Juni ilijaribu tena na kuishia takriban 41,300. Eneo la dari likawa kati ya 41,300 na 42,500. Zingatia kwamba 40,000 haimo ndani ya eneo hilo, ingawa ndiyo namba ambayo kila mtu mtandaoni alikuwa akiitaja.

Mipaka hii huchorwa mara moja, kabla bei haijaikaribia. Ukianza kuisogeza wakati bei inatembea juu yake, utakuwa unachora unachotamani kukiona.

Hatua ya pili: jiulize nani anangoja nje ya mpaka

Ili kuelewa kwa nini bei huvuka kisha ikarudi, lazima uelewe oda zilizolala pale. Kila aliyenunua karibu na sakafu huweka oda ya kuzuia hasara chini yake kidogo, na oda hiyo ikiguswa hugeuka kuwa amri ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo. Mahali hapohapo wapo pia wanaosubiri mvunjo, ambao wameweka oda za Sell Stop ili wauze mara tu bei itakapopita. Katika soko la Bitcoin huongezeka kundi la tatu, nalo ni la walionunua kwa fedha za mkopo wa jukwaa, ambao nafasi zao hufungwa kwa nguvu dhamana yao inapokwisha. Makundi yote matatu huuza kwa wakati mmoja, na ndiyo maana bei ikivuka sakafu huanguka ghafla kwa dakika chache kana kwamba kuna habari kubwa.

Sasa mfikirie mnunuzi mkubwa anayetaka kukusanya kiasi kikubwa bila kuipandisha bei dhidi yake mwenyewe. Anahitaji wauzaji wengi kwa pamoja, na hakuna mahali pengine anapoweza kuwapata kwa urahisi kama chini ya sakafu, pale ambapo mamia ya oda za kuuza zinatekelezwa zenyewe. Akizinunua zote, wauzaji wanakwisha, na bei isiyokuwa na muuzaji haina namna ila kupanda. Aliyeuza kwenye mvunjo anajikuta analazimika kununua ili ajinasue, na ununuzi wake unazidi kuisukuma bei ndani ya renji.

Katika makundi ya Telegram utasikia mtu akilalamika kwamba soko linaiona oda yake na kuifuata. Hakuna anayeihitaji akaunti yako ili ajue oda zilipo. Chati ni ileile kwa wote, na watu wote huweka oda mahali palepale. Jambo la kuuliza ni jingine: baada ya oda hizo kutekelezwa, je, wapo watu wapya walio tayari kuendelea kuuza kwa bei ya chini zaidi, au kununua kwa bei ya juu zaidi ikiwa ni dari? Wakiwepo, mvunjo ni wa kweli. Wasipokuwepo, bei inarudi ilikotoka. Uthibitisho, kwa namna yoyote utakavyoutafuta, ni njia ya kulijibu swali hilo moja.

Hatua ya tatu: subiri mshumaa ufungwe, na ujue unafungwa saa ngapi

Mshumaa ambao haujafungwa hausemi chochote cha uhakika. Tarehe 22 Juni, mtu aliyetazama chati mchana aliona mshumaa mwekundu mrefu uliopasua sakafu. Aliyeitazama baada ya siku kwisha aliona mkia mrefu chini na bei iliyo ndani ya renji. Mshumaa ni uleule mmoja, tofauti ni saa tu.

Kanuni ni kusubiri mshumaa wa kipimo kilekile cha muda ulichotumia kuichora renji. Ikiwa renji imejengwa kwa wiki nyingi kwenye chati ya siku, kufungwa kwa mshumaa wa dakika kumi na tano nje ya mpaka ni kelele tu. Mshumaa wa siku wa Bitcoin kwenye majukwaa mengi hufungwa saa sita usiku kwa saa za UTC, ambayo kwa Nairobi na Dar es Salaam ni saa tisa usiku. Huhitaji kukesha, unaamka, unaitazama siku iliyofungwa, unaamua. Kwa wanaofanya biashara ya fedha za kigeni, siku ya soko hufungwa saa kumi na moja jioni ya New York, ambayo kwetu ni saa sita usiku katika miezi ya majira ya joto ya huko na saa saba usiku katika miezi ya baridi. Baadhi ya madalali huweka saa tofauti kwenye seva zao za MetaTrader, programu ya kufanyia biashara, hivyo hakikisha unajua mshumaa unaoutazama umefungwa kwa saa za nani.

Pia mshumaa unapaswa kufungwa nje ya eneo zima. Tarehe 20 Julai Bitcoin ilifunga siku karibu na 29,800. Kwa mtu mwenye mstari kwenye 30,000, hilo lilikuwa funga la kwanza la siku chini ya sakafu, na kwa kanuni yake alikuwa na haki ya kuuza. Kwa mwenye eneo la 28,800 hadi 30,000, bei ilikuwa bado imo ndani ya sakafu na hapakuwa na la kufanya. Kesho yake bei ilifunga juu ya 32,000, na siku kumi baadaye ilikuwa juu ya 42,000. Hakuna muuzaji wa tarehe 20 aliyepata nafasi ya kupumua.

Hatua ya nne: tazama siku inayofuata

Funga moja nje ya eneo ni dalili nzuri, lakini mimi siiamini peke yake, hasa ikiwa imeletwa na habari. Habari huwafanya watu wengi wanunue kwa saa chache kwa sababu moja, na sababu hiyo ikiondoka, ununuzi unakwisha siku hiyohiyo. Jumatatu ya tarehe 26 Julai zilienea tetesi kwamba Amazon ingeanza kupokea Bitcoin mwaka huo. Bei ilipanda na kupita 40,000, ikisaidiwa na wauzaji waliofungiwa nafasi zao kwa nguvu na hivyo kulazimika kununua. Amazon ilikanusha, na siku ikafungwa karibu na 37,300. Walionunua kwa sababu 40,000 “imevunjwa” walikuwa wameingia chini ya eneo halisi la dari, wakinunua kutoka kwa watu waliokuwa wakitoka.

Siku ya pili inakuambia kama kuna ununuzi usiotegemea habari hiyo. Unachotafuta ni mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni bei kufunga tena nje ya eneo, ikiwezekana mbali zaidi kuliko jana. La pili ni bei kurudi kulijaribu eneo kwa upande wa nje, ikagusa dari ya zamani au kuikaribia, kisha ikageuka na kupanda tena, ishara kwamba waliokuwa wakiuza pale sasa hawauzi. Jaribio hilo la kurudi ndilo linalopendwa zaidi kwa sababu hukupa bei nafuu, lakini haliji kila mara, na anayeling’ang’ania huachwa na safari nyingi nzuri.

Twende kwenye Agosti. Tarehe 30 Julai bei ilifunga takriban 42,200, ndani ya eneo la dari. Jumapili ya tarehe 1 Agosti iligusa karibu na 42,500, ncha kabisa ya eneo, kisha ikaanguka na kufunga karibu na 40,000. Tarehe 3 ilikuwa karibu na 38,000. Kisha ikajikusanya. Tarehe 6 ilifunga takriban 42,800, na hiyo ndiyo ikawa funga la kwanza juu ya eneo zima tangu Mei. Kwa kuwa ilikuwa juu kwa dola mia tatu tu, haikutosha. Tarehe 7 ilifunga karibu na 44,500, na hapo uthibitisho ukawa umetimia. Tarehe 8 ilishuka hadi karibu na 43,000, ikageuka bila kuingia tena ndani ya eneo, na tarehe 23 Agosti ikapita 50,000.

Watu hushauri pia kutazama kiasi cha biashara, kwa hoja kwamba mvunjo wenye kiasi kidogo hauaminiki, na kwamba siku za mwisho wa wiki ni za hatari kwa kuwa washiriki ni wachache. Hoja ina msingi, na jaribio lililoshindwa la tarehe 1 Agosti lilikuwa Jumapili. Lakini funga lililothibitisha mvunjo wa kweli lilikuwa Jumamosi. Kwa hiyo ninakitumia kiasi kama nyongeza ya ushahidi, kamwe si kama hakimu, na katika soko la fedha za kigeni ninakipa uzito mdogo zaidi, kwa kuwa namba iliyo kwenye MetaTrader huhesabu mara ambazo bei ya dalali wako imebadilika, wala haijumuishi biashara ya soko zima.

Hatua ya tano: ingia kwa kiasi kinacholingana na umbali wa hasara

Kusubiri kuna gharama, na ni vizuri kuihesabu kwa uwazi. Tuwachukue wafanyabiashara wawili wenye akaunti ya dola 1,000 kila mmoja, ambao hawakubali kupoteza zaidi ya asilimia 1, yaani dola 10, kwa biashara moja.

Wa kwanza aliweka Buy Stop, oda ya kununua mara tu bei inapopanda hadi pale, kwenye 42,000 na oda ya kuzuia hasara kwenye 40,000. Umbali ni dola 2,000, hivyo ananunua 10 kugawanya kwa 2,000, sawa na Bitcoin 0.005. Oda yake ilitekelezwa mwishoni mwa Julai, na tarehe 1 Agosti akatolewa na hasara ya dola 10. Laiti bei ingeendelea moja kwa moja hadi 50,000, angepata dola 40.

Wa pili alisubiri hadi funga la tarehe 7, akanunua kwenye 44,500. Oda yake ya kuzuia hasara haikuwekwa kwa kukadiria. Iliwekwa chini ya eneo lote la dari, kwenye 41,000, mahali ambapo bei ikifika mvunjo wenyewe utakuwa umekufa. Umbali ni dola 3,500, hivyo kiasi chake ni 10 kugawanya kwa 3,500, takriban Bitcoin 0.0028, yenye thamani ya dola 125 hivi. Bei ilipofika 50,000 alikuwa na faida ya takriban dola 15, bila kuhesabu makato.

Faida ya 15 kwa kuhatarisha 10 si ya kujigamba, na anayesubiri uthibitisho anapaswa kulijua hilo mapema. Amenunua kwa bei ya juu zaidi kwa dola 2,500, oda yake ya hasara iko mbali zaidi, na kiasi chake ni kidogo zaidi. Alichopata badala yake ni kutoingia katika majaribio yaliyoshindwa. Kama katika renji moja kuna mivunjo mitatu ya uongo kabla ya ule wa kweli, yule wa kwanza anahitaji faida ya dola 30 ili tu arudi alipokuwa.

Kosa linalofuta faida yote ya kusubiri ni kuingia baada ya uthibitisho lakini kwa kiasi kilekile ambacho ungetumia mapema. Wa pili angenunua 0.005 na oda kwenye 41,000, hasara yake ingekuwa dola 17.5. Kwa anayetumia mkopo wa dalali tofauti hiyo hukua haraka sana.

Uthibitisho unaposhindwa

Miezi mitatu baadaye soko lilitoa mfano wa upande mwingine. Tarehe 20 Oktoba 2021 Bitcoin ilifikia karibu na 67,000, ikarudi hadi karibu na 58,000 tarehe 27, na ikabaki kati ya mipaka hiyo. Tarehe 8 Novemba ilifunga takriban 67,500, juu ya dari. Tarehe 9 ilifunga karibu na 67,000, palepale kwenye mpaka, bila kusonga mbele. Tarehe 10 ilitangazwa nchini Marekani kwamba mfumuko wa bei wa mwezi Oktoba ulikuwa asilimia 6.2 kwa mwaka. Bei iliruka hadi karibu na 69,000, kisha ikageuka na kufunga siku karibu na 65,000, ndani ya renji. Haikurudi juu ya 69,000 hadi mwaka 2024.

Aliyeridhika na funga moja aliingia tarehe 8. Aliyesubiri siku ya pili aliona funga dhaifu na akabaki nje, lakini ingewezekana kabisa funga hilo liwe juu kwa dola mia tano, naye akaingia na kunaswa. Uthibitisho hupunguza idadi ya mivunjo ya uongo unayoingia, hauiondoi. Kwa sababu hiyo unahitaji kanuni ya kutoka iliyoandikwa kabla ya kuingia: ikiwa baada ya kuingia mshumaa wa siku utafungwa tena ndani ya renji, ukapita eneo zima na kuwa upande wa pili wake, unatoka kwa bei iliyopo bila kungoja oda ya kuzuia hasara iguswe. Funga la tarehe 10 Novemba kwenye 65,000 lilikuwa amri ya namna hiyo.

Wapo wanaogeuka papo hapo na kufanya biashara ya upande wa pili, wakiuza mara tu mvunjo wa juu unapokufa. Mantiki yake ni sahihi, kwa sababu walionunua juu sasa ni wauzaji wa lazima, na shabaha ya kwanza ni katikati ya renji, kisha sakafu. Ila mshumaa uliofunga ndani nao unahitaji siku yake ya pili, kwa vipimo vilevile, na hasara iliyotokea asubuhi isiwe ndiyo sababu ya oda unayoiweka jioni.